Anza na Saa, Malizia na Kafulinki: Mazungumzo na Washereheshaji wa Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu marahaba yenu nimeiweka akiba.

Mimi ni sonara. Suti siijui kama wanavyoijua mafundi wenu, kwa hiyo habari ya kitambaa na mshono nawaachia wenyewe. Nimekuja kuzungumza vyuma vinne tu ambavyo mwanamume aliyevaa suti anaonekana navyo kwa wakati mmoja: saa, bizimu ya mkanda, klipu ya tai, na kafulinki. Nyie washereheshaji mna shida ambayo bwana harusi mwenyewe hana. Bwana harusi amekaa, mikono iko mapajani. Wewe umesimama mbele ya kamera tangu maharusi wanaingia mpaka keki inakatwa, mkono mmoja umeshika maiki karibu na mdomo. Maana yake kafu ya mkono huo iko jirani na uso wako usiku mzima. Hakuna mgeni mle ukumbini ambaye kafulinki zake zinapigwa picha nyingi kama zako.

Wateja wengi wananijia wakiwa tayari wamependa kafulinki fulani, halafu wanauliza ni saa gani itafaa kwenda nayo. Wameanza na mwisho. Saa ndiyo ghali kuliko vyote vinne, na ndiyo usiyobadilisha kila suti. Basi saa ndiyo inayoamuru. Itazame kwanza: je, chuma chake ni cheupe au cha njano? Ukishajibu hilo, bizimu inaifuata, klipu inaifuata bizimu, na kafulinki unazinunua mwisho kabisa. Pete ya ndoa iacheni nje ya hesabu hii. Pete ya ndoa ina sababu yake ya kuwa pale, na hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu kwa kuvaa pete ya dhahabu na saa nyeupe.

Kwenye vyuma vyeupe huwa nawaambia watu wasihangaike. Fedha ndiyo nyeupe kuliko vyote, chuma kisichoshika kutu kina ukijivu kidogo, na kromu inaingia ubuluu. Lakini ukisimama hatua mbili mbali navyo, jicho linavisoma vyote kuwa kitu kimoja. Saa ya chuma, bizimu ya nikeli na kafulinki za fedha vinakaa pamoja bila ugomvi.

Njano ndiyo yenye matata, na hapa pwani tunayapata zaidi. Dhahabu tunayoletewa na ndugu zetu kutoka Dubai au Maskati ni ya karati 21 au 22, na njano yake ni nzito, karibu inakwenda kwenye chungwa. Saa nyingi za dhahabu zinazotengenezwa Uswisi ni za karati 18, njano iliyopoa. Kafulinki za kuchovya za bei ndogo nyingi zina njano ya limau. Halafu kuna dhahabu ya waridi, ambayo imezidishiwa shaba ndiyo maana ina wekundu. Vaa hizo zote pamoja, kila moja itaisuta mwenzake. Kwa hiyo ukichagua njano, usitosheke na kusema "zote ni gold." Chukua saa yako uende nayo dukani, uiweke ubavuni mwa hicho unachotaka kununua, kisha utoke navyo mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za duka la sonara zimewekwa ili kila kitu kipendeze. Nasema hivyo na mimi ninazo.

Sasa naomba kijana huyu wa mstari wa mbele asimame. Asante kaka. Tumekubaliana kabla kwamba hakasiriki. Tazameni: suti ya buluu iliyoiva, viatu vyeusi, mkanda mweusi, vizuri kabisa. Saa yake ni ya chuma cheupe na ni saa nzuri. Bizimu ni ya njano. Kafulinki ni za njano, pembe nne. Klipu ya njano pia, na imevuka upana wa tai, inatokeza upande wa pili.

Mtu wa haraka atahesabu: vitu vitatu ni njano, kimoja ni cheupe, basi avue saa aweke ya njano. Mimi nakwenda kinyume. Bizimu, klipu na kafulinki zote kwa pamoja hazifiki bei ya ile saa, na zote tatu ni za kuchovya, mwakani hazitakuwa na rangi hiyo. Saa itakuwepo. Tunabadilisha hivyo vitatu.

Kwanza mkanda. Kaka, nivulie. Msicheke, suruali imemkaa, haitashuka. Ukiupindua, nyuma ya bizimu hapa utaona skrubu mbili ndogo. Mikanda mingine badala ya skrubu ina kinywa cha chuma chenye meno kinachouma ngozi, na unakifungua kwa kunyanyua kibati kwa bisibisi bapa. Hii maana yake hahitaji mkanda mpya. Anahitaji bizimu nyeupe yenye upana sawa na ngozi yake. Pimeni kwa rula kabla ya kununua, kwa sababu mikanda ya suti mingi ina upana wa sentimita 3 au 3.5, na bizimu ya 3.5 kwenye ngozi ya 3 itacheza kushoto na kulia. Chagueni iliyo nyembamba na isiyo na maandishi. Bizimu yenye herufi kubwa ya kampuni inamfanya mtu atazame tumbo lako wakati unamtangazia mgeni rasmi.

Halafu klipu. Tai yake ni ya kisasa, ina upana wa sentimita 6 pale kifuani. Klipu yake nayo ina 6 na zaidi. Klipu inatakiwa iishie kama robo tatu ya tai, kwa hiyo kwake yeye sentimita 4 na nusu zinatosha. Inakaa kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati ukihesabu kutoka juu, imelala sawasawa, na lazima ishike vitu vitatu: jani la mbele la tai, jani la nyuma, na ule ukingo wa shati wenye vifungo. Wengi wanabana tai peke yake. Klipu ya namna hiyo ni pambo tu, ukiinama kumsalimia mzee tai inakwenda nayo kwenye sahani ya pilau. Ukishaibana, vuta tai juu kidogo ipate kutulia, usiiache imekazwa kama kamba. Na ukivaa kizibao, klipu huihitaji, kizibao kimeshaishika tai.

Mwenye kutumia maiki ya kubana kwenye nguo asikilize hapa. Ile maiki ikigusana na klipu ya tai, kila unapopumua spika zinatoa mkwaruzo, na fundi mitambo atahangaika na waya wake bila kujua chanzo. Maiki ipande juu, klipu ibaki chini, au klipu ikae mfukoni siku hiyo.

Kuhusu pini ya tai, ile yenye ncha ya kutoboa, sina mengi. Inapendeza kwenye tai nene ya sufi au iliyofumwa kwa nyuzi zenye nafasi, kwa sababu nyuzi hupisha sindano na kurudi mahali pake. Kwenye hariri laini inaacha tundu, na tundu la hariri haliponi. Mwenye tai moja nzuri asiitoboe.

Tuje kwenye kafulinki zenyewe. Kwanza muwe na shati lenye kafu ya kukunja mara mbili, lenye matundu pande zote na halina kifungo. Kafu inakunjwa nyuma, kisha kingo zake mbili zinakutana ndani kwa ndani, kama viganja vya mtu anayeomba. Zisipandiane kama shati la kifungo. Upande wenye jicho la kafulinki, yaani uso wake wa pambo, unatazama nje, mbali na mwili. Koti likikatwa vizuri, kafu inachungulia sentimita 1 hadi 1 na nusu.

Huko nyuma ya jicho ndiko kwenye ufundi. Zinazouzwa sana zina kijiti cha kuzunguka: unakinyoosha, unakipitisha matunduni, unakigeuza kinakuwa kama herufi T. Ndani yake mna springi ndogo. Kabla hujalipa, igeuze mara kadhaa ukiwa umeisogeza sikioni. Iliyo nzima inaalika na kujifunga yenyewe kwa nguvu, ila iliyochoka inageuka kimyakimya. Hiyo ndiyo itakayodondoka siku utakayowaomba wageni wapige makofi ya kilo. Lakini kwa kazi yenu mimi ningewapa aina nyingine, ile yenye majicho mawili yaliyoungwa kwa cheni fupi. Kuivaa ni taabu, utahitaji mtu wa kukusaidia. Faida yake mtaiona mkishika maiki. Kiwiko kikikunjwa, ule mshono wa kafu unageukia hadhira, na kamera inaona pande zote mbili za kafulinki. Ya kijiti itaonyesha jicho zuri upande mmoja na kijiti kitupu upande wa pili. Ya cheni ina uso kote.

Na saa je? Kafu ya kukunja ni nene, na saa yenye kimo cha milimita 13 au 14 haipiti chini yake. Inakwama, inasukuma kafu juu, mkono mmoja wa shati unaonekana mfupi. Ama uvae saa nyembamba, ama umwambie fundi nguo ile kafu ya kushoto aiongeze sentimita moja ya mzunguko. Ni kazi ndogo kama shati linashonwa upya, na hakuna atakayejua ila wewe na fundi. Saa ya mkanda wa ngozi ifuate mkanda wa suruali na viatu: nyeusi kwa nyeusi, kahawia kwa kahawia. Saa janja yenye mkanda wa mpira ibaki nyumbani. Nimeona mshereheshaji mkono wake unawaka meseji katikati ya sala ya ufunguzi.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini kuhusu kuchovya, kwa sababu hapo ndipo pesa zenu zinapotea. Kitu cha kuchovya ni shaba au mchanganyiko mwingine wa bei rahisi uliopewa ngozi ya dhahabu kwa umeme. Ngozi hiyo hupimwa kwa mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 70. Kule Marekani, fedha iliyochovywa dhahabu haiuzwi kwa jina la vermeil mpaka dhahabu ifike mikroni 2.5. Kafulinki zinazouzwa kwenye meza za barabarani zina chembe tu ya hiyo. Katika nchi ya baridi zingedumu zaidi. Huku mtu anatokwa jasho kuanzia kwenye msafara wa magari, na jasho lina chumvi, chumvi inapata njia kwenye ngozi nyembamba na kufika kwenye shaba. Matokeo yake ni ile alama ya kijani kwenye kafu nyeupe ambayo dobi anaitazama na kutikisa kichwa.

Uchakavu hauanzi katikati. Tazameni pembe za kafulinki ya pembe nne, mdomo wa klipu unapouma tai, na pale ulimi wa bizimu unapolala. Kaka, zako nipe nizishike. Mnaona pembe hii? Kuna wekundu. Hiyo ni shaba inachungulia, na ukishauona wekundu hakuna kitambaa kitakachourudisha umanjano. Sonara anaweza kuichovya tena, ila lazima kwanza aing'arishe mpaka iwe laini, na kila kung'arisha kunakula nakshi. Kafulinki ya bei rahisi haistahili gharama hiyo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu anayevaa suti kila wikiendi ni mweupe: fedha au chuma kisichoshika kutu, kitu ambacho ndani na nje ni kimoja. Kikikwaruzwa, chini yake kuna rangi ileile. Kwenye fedha tafuteni nambari 925 iliyogongwa nyuma au kwenye kijiti, maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha. Dhahabu ya karati 18 ina 750, ya karati 22 ina 916. Nambari peke yake isikupe usingizi, kwa sababu mhuri wa kugonga anaweza kuununua yeyote. Nendeni na sumaku. Ikinata kwa nguvu kwenye jicho la kafulinki, hiyo si fedha wala dhahabu, na huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa ambacho kutu iko njiani. Isiponata, bado haijathibitisha kitu, kwa sababu shaba nayo hainati. Sumaku inakuambia ya kukataa, haikuambii ya kununua. Kwa vitu vya thamani, mpelekee sonara mwingine, asiye yule anayekuuzia, akipime.

Weupe una sababu nyingine kwa wengi wenu humu. Waislamu wanajua kwamba wanaume wamekatazwa dhahabu, na fedha wameruhusiwa pete. Habari ya kitu kilichochovywa tu, au cha fedha kisichokuwa pete, masheikh wana maneno yao na mimi siyaingilii. Kila mtu amuulize wake. Ila kafulinki za chuma hazina mjadala huo. Kwenye harusi za Unguja na Mombasa, bwana harusi aliyevaa joho na jambia kiunoni, nakshi ya ala ya jambia ni fedha. Mshereheshaji aliyesimama ubavuni mwake kwa fedha au chuma cheupe anaungana naye kwenye picha.

Kuna atakayeniuliza kuhusu tanzanaiti, maana jiwe ni letu, linatoka Mirerani na kwingine duniani halichimbwi. Rangi yake kwenye suti ya buluu inapendeza mno, sibishani. Lakini lisikilizeni jiwe lenyewe. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo kinachoishia 10, na vumbi la mchanga wetu lina 7, kwa hiyo hata kufutwa vumbi kavukavu kunalikwaruza. Tena lina tabia ya kupasuka likigongwa kwa upande wake dhaifu. Sasa kafulinki inagonga meza, jukwaa, mlango wa gari. Kwenye klipu ya tai tanzanaiti iko salama kidogo kwa sababu kifua hakigongi kitu. Kwenye kafulinki, likiwekwa, liwe dogo na limezungushiwa ukingo wa chuma pande zote, lisisimamishwe kwa makucha manne. Na msikubali lisafishwe kwenye mashine ya mitetemo. Anayetaka jiwe la kwetu bila wasiwasi achukue yakuti ya Umba, ugumu wake ni 9, wala haihitaji kubembelezwa.

Taksido nitaipitia haraka. Suruali yake haina mkanda, kwa hiyo bizimu imetoka kwenye hesabu. Tai yake ni ya kipepeo, klipu nayo imetoka. Kinachobaki ni kafulinki na vile vifungo vya kifuani vinavyouzwa nazo seti moja, vyeusi au vya gamba la chaza, na saa nyembamba ya mkanda mweusi. Wengine hawavai saa kabisa, wakisema mtu aliyealikwa karamuni hahesabu muda. Nyie mnalipwa kuuhesabu, vaeni.

La mwisho ni matunzo. Manukato pulizeni kabla ya kuvaa, yakauke kwanza. Mkirudi usiku, hata kama macho yanafumba, futeni kafulinki na saa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, kisha kikavu. Kafulinki zitoeni kwenye shati kabla halijaenda kwa dobi. Kwenye kabati langu nina bakuli la kafulinki mojamoja ambazo madobi wameniletea wakitafuta wenyewe. Fedha ikiwa nyeusi msiisugue kwa dawa ya meno, ile ina chengachenga zinazokwaruza. Tandazeni karatasi ya foili ndani ya bakuli, fedha iiguse foili, mwagieni kijiko cha magadi ya kupikia na maji ya moto, ngojeni dakika chache, weusi unahamia kwenye foili. Zenye mawe zisitiwe humo, wala zile ambazo nakshi yake imetiwa weusi makusudi.

Pale mezani nimeweka sumaku, rula na kioo cha kukuzia. Aliyevaa chochote anachokitilia shaka akivue akilete, tukitazame pamoja kabla ya chai. Kaka, chukua mkanda wako.